Shajara ya mradi: Geti la milango miwili lisiloshuka pembe, Kibaha

Jumamosi, 14 Juni. Kupima geti la zamani kabla ya kuling'oa

Geti la nyumbani limefika hatua ambayo mtu hafungi komeo mpaka aingize mguu chini ya mlango na kuunyanyua. Mlango wa kulia umeshuka kwenye ncha, umechora mstari wa robo duara kwenye kokoto za njia ya gari. Majirani wawili wana tatizo hilohilo, na wote wamelitibu kwa kuongeza kipande cha chuma kwenye fremu. Hawakupona. Kwa hiyo kabla sijagusa kitu nimetaka kujua langu linashuka kwa sababu gani hasa.

Geti hushuka kwa njia tatu tu: nguzo imelala, bawaba zimelegea, au fremu yenyewe imepoteza mraba. Kila moja inapimika peke yake.

Nimeanza na nguzo. Nimefunga timazi juu, nikapima umbali wa uzi kutoka kwenye uso wa nguzo juu na chini. Tofauti ni milimita 20 katika kimo cha mita 2, na imelalia upande wa uwazi. Hiyo ni milimita 10 kwa kila mita, na mlango una upana wa mita 1.8, maana yake nguzo peke yake imeshusha ncha kwa milimita 18.

Kisha bawaba. Shemeji amenyanyua ncha ya mlango kwa mtaimbo, mimi nikiwa nimekaza macho kwenye bawaba ya juu. Pini inacheza ndani ya kikombe chake waziwazi. Mchezo wa bawaba zote mbili kwa pamoja ni kama milimita 8. Bawaba hizo ziko mbalimbali kwa sentimita 90 tu, na mlango ni mara mbili ya hapo, kwa hiyo milimita 8 kwenye bawaba zinakuwa 16 kwenye ncha.

Mwisho nimepima fremu kona kwa kona. Mshazari mmoja na mwingine vimepishana milimita 1. Fremu haina kosa lolote.

Ukijumlisha 18 na 16 unapata 34, na kwenye ncha, ukilinganisha na pima maji, mlango umeshuka milimita 34 au 35. Hesabu imefunga. Kipande chochote ambacho ningechomelea kwenye fremu kingekuwa mzigo wa ziada kwa nguzo ambayo tayari inalala.

Jumamosi, 21 Juni. Tumeng'oa, tumechimba

Nguzo ya zamani imetoka kwa urahisi uliotusikitisha. Ilikuwa imeingia ardhini sentimita 40, na zege lake lilikuwa bonge la mviringo lililokaa karibu na uso wa ardhi, pana juu na jembamba chini. Udongo wetu hapa ni kichanga kwa kama nusu mita, chini yake ndipo unapokuta udongo mwekundu mgumu. Bonge lote lilikuwa ndani ya kichanga. Mvua za masika zikikilainisha kichanga, nguzo inafuata uzito.

Mashimo mapya ni sentimita 60 kwa 60, kina mita 1. Tumehakikisha kuta zinashuka wima na chini hapajawa pembamba kuliko juu. Mchimbaji akichoka hupunguza upana kadiri anavyoshuka, na hapo ndipo linapopatikana lile bonge la umbo la kikombe ambalo ni rahisi kupinduka. Chini tumeweka kokoto sentimita 10 na kuzishindilia.

Tumechimba pia mfereji kutoka shimo moja hadi jingine, ukikatiza njia ya gari, upana sentimita 20 na kina sentimita 30. Humu utapita mkanda wa zege wenye nondo utakaoziunganisha nguzo mbili chini kwa chini. Geti likifungwa, nguzo zote mbili zinavutwa kuinamiana. Msingi mmoja ukisimama peke yake unategemea udongo wa pembeni tu, lakini ukifungwa na mwenzake kwa mkanda mgumu, hauwezi kuzunguka bila kuukunja mkanda wote. Zaidi ya hapo napata sehemu imara ya kutobolea tundu la komeo la chini. Shemeji alisita kwa sababu ya gharama, tukahesabu: mkanda unakula zege chini ya robo ya mita za ujazo.

Kati ya nguzo ya zamani na ukuta kulikuwa na kipande cha matofali cha sentimita 25 ambacho hakikufungamana na ukuta. Tumekitoa, na sitakijenga tena. Nafasi hiyo naihitaji ili mkono na spana vifike nyuma ya nguzo. Itafunikwa na kipande cha shiti kinachofunguliwa kwa bolti kutoka ndani ya uwanja.

Jumapili, 22 Juni. Nguzo na zege

Nguzo ni skwea paipu ya milimita 100 kwa 100, unene milimita 4. Chuma kimoja cha mita 6 kimekatwa katikati, kikatoa nguzo mbili za mita 3. Sentimita 80 zinazama ndani ya zege, mita 2.2 zinabaki juu. Kwenye sehemu inayozama nimechomelea vipande vya nondo vilivyopita msalaba, viwili kwa kila nguzo, ili zege liishike isizunguke wala isivutike juu. Chini, nguzo imekaa juu ya kipande cha zege kikavu, haijagusa udongo. Nondo za mkanda, 4 za milimita 12 zenye ringi kila baada ya sentimita 20, zimeingia ndani ya mashimo yote mawili na kufungwa kwa waya kwenye zile nondo za msalaba.

Umbali kati ya nyuso za nguzo ni mita 3.73. Nimeupata hivi: milango miwili ya mita 1.8, nafasi ya milimita 60 kila upande kwa ajili ya bawaba, na milimita 10 katikati. Nafasi ya bawaba ni kubwa kuliko ilivyozoeleka, na sababu itaonekana siku ya kupachika.

Zege ni moja kwa mbili kwa nne, tumepima kwa ndoo ileile. Mashimo mawili na mkanda ni kama mita za ujazo 0.84, na imekula mifuko 5 na nusu ya saruji. Nimenunua 6. Tumeanza na maji lita 25 kwa mfuko, nikaongeza kidogokidogo, sikuruhusu yavuke 28. Kijana anayechanganya alitaka zege lililegee ili liteleze lenyewe shimoni. Nilimwambia, "Mdogo wangu, acha lisimame kidogo, tutalichoma kwa nondo." Maji yanayoongezwa kwa ajili ya urahisi wa kumimina yakikauka yanaacha vitundu, na zege la hivyo hupasuka pembeni mwa nguzo, pale palepale nguvu inapoelekea.

Nguzo tumezishika kwa mbao, kila moja mbao mbili za pande tofauti, zimepigiliwa kwenye vigingi. Timazi mbili kwa kila nguzo, moja upande wa barabara na nyingine upande wa uwazi. Kuzipima kwa upande mmoja hakutoshi.

Hapa kidogo tuharibikiwe. Tulipokuwa tukichoma zege kwenye shimo la kulia, kigingi kimoja kilihama kichangani bila mtu kuona. Nilirudi kwenye timazi baada ya kama dakika 20, nikakuta nguzo imekwenda milimita 7. Zege lilikuwa bado bichi, tukairudisha, tukalichoma tena zege pande zote ili kuziba nafasi iliyoachwa, na kigingi kipya tukakipiga nusu mita ndani. Ningepima jioni, milimita hizo 7 zingekuwa zangu mpaka mwisho.

Uso wa zege tumeuinua sentimita 5 juu ya ardhi kuzunguka nguzo, ukateremka pande zote ili maji yakimbie. Nguzo za chuma huoza pale zinapotokea ardhini, kwenye mstari wa udongo, kwa sababu hapo pana unyevu na hewa kwa pamoja. Ndani ya nguzo nimemimina zege mpaka usawa huohuo, na juu nimezifunga kwa kipande cha chuma, zisigeuke matangi ya maji ya mvua.

Magunia yaliyolowa yamefunika juu. Mama watoto amechukua zamu ya kumwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7. Geti halitapachikwa kabla ya siku 14.

Jumamosi, 28 Juni. Fremu ya kwanza, na kosa langu

Fremu ni skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene 3. Kila mlango una upana mita 1.8 na kimo mita 2. Katikati unapita wima mmoja, kwa sababu shiti za dukani zina upana wa mita 1.22, na mlango unahitaji vipande viwili vya sentimita 90 vinavyokutana juu ya chuma.

Nimekata kona kwa nyuzi 45 ili mdomo wa paipu usibaki wazi. Nimepanga vyuma juu ya matofali 6 yaliyosawazishwa kwa pima maji, nikashikiza kona zote nne kwa nukta ndogo za moto, halafu nikapima kona kwa kona. Kwa mlango wa vipimo hivi mshazari unatakiwa kuwa milimita 2,691. Mmoja ulisoma 2,694, wa pili 2,688. Nimefunga klampu ndefu kwenye ule mrefu, nikaubana mpaka yote miwili ikasoma sawa, nikaongeza nukta nyingine.

Kosa lilikuja baada ya hapo. Nilichomelea kona zote nne upande wa juu kwa mfululizo, kona baada ya kona, bila kupumzika na bila kugeuza. Chuma kilichoyeyuka kikipoa hujivuta. Ukichomelea uso mmoja tu, kona zote zinavutwa kuelekea uso huo. Mishazari ilikuwa bado sawa, na kwa futi pekee ningesema kazi ni nzuri. Lakini nilipovuta nyuzi mbili kutoka kona hadi kona, nyuzi hazikugusana katikati. Zilipishana kwa milimita 9. Fremu ilikuwa imejipinda kama karatasi iliyoloa.

Kipimo cha nyuzi zinazopishana ndicho ninachotaka fundi yeyote akikumbuke. Futi inakwambia fremu ina mraba. Haikwambii kama imelala sawasawa. Fremu iliyopinda ikipachikwa, kona moja ya ncha inatokeza mbele na mwenzake inarudi nyuma, na macho yataona "geti limeshuka" wakati nguzo na bawaba hazina hatia.

Nimeigeuza, nikaifunga kwa klampu juu ya matofali huku kona mbili zikiwa zimeinuliwa kwa vibao ili niipinde kinyume, ndipo nikachomelea uso wa pili. Ilipopoa na kufunguliwa, nyuzi zilipishana kwa milimita 2. Nimeikubali.

Jumapili, 29 Juni. Fremu ya pili

Leo nimefuata mpangilio mwingine. Kona ya chini kushoto, kisha ya juu kulia, kisha nageuza fremu, nachomelea kona mbili zilizobaki kwa uso wa pili, nasubiri mpaka chuma kishikike kwa mkono, ndipo naendelea. Rodi ni namba 6013 za milimita 2.5, moto wa ampea 80 hivi. Kazi imechukua saa moja zaidi. Nyuzi zimegusana.

Jumamosi, 5 Julai. Mshazari na shiti

Tumebishana na shemeji kuhusu chuma cha mshazari. Yeye anasema shiti ikishachomelewa kote inaifanya fremu kuwa ubao mmoja usioweza kupinda, hivyo mshazari ni kuchoma pesa. Kwa leo na kesho yuko sahihi. Lakini shiti ya milimita 1.5 huanza kuoza kwenye ukingo wa chini, mahali maji na tope vinapogonga, na ukingo huo ukiachia, fremu inabaki na kona zake nne tu. Nataka mlango unaosimama hata shiti ikitolewa.

Uelekeo wa mshazari una maana. Uzito wa ncha unataka kuubana mstari unaotoka kona ya chini ya bawaba kwenda kona ya juu ya ncha, na unataka kuuvuta mstari wa pili, unaotoka kona ya juu ya bawaba kwenda kona ya chini ya ncha. Paipu nene inastahimili kubanwa, kwa hiyo yangu imekanyaga chini kwenye bawaba na kupanda kwenda juu ya ncha. Angekuwa mtu ametumia flati ba nyembamba au waya wa kukaza, angepaswa kuiweka kwenye mstari wa pili, maana chuma chembamba kikibanwa hujikunja na hakisaidii kitu, ila kikivutwa kinashika sana. Nimeona mageti mengi mtaani yenye flati ba iliyowekwa uelekeo wa kubanwa. Imejikunja kidogo kama upinde, na hiyo ndiyo alama ya kuitambua.

Shiti nimezishikiza kwa vipande vya moto vya sentimita 3 kila baada ya sentimita 15, nikianzia katikati ya kila ukingo kwenda kwenye kona, nikiruka upande huu na huu. Ukianza kwenye kona na kufuata mstari, joto linasukumia shiti mbele yako mpaka inafanya tumbo katikati. Kwenye paipu ya chini ya fremu nimetoboa matundu matatu ya milimita 8 upande wa chini, maji yanayoingia yapate pa kutokea. Rangi ya msingi nyekundu imepakwa kwanza kwenye nyuso zitakazofunikwa na shiti, isipokuwa pale pa kuchomelea.

Mlango mmoja umefika kilo 95 hivi kwa hesabu: paipu mita 12 kwa kilo 4.35 kila mita, na shiti mita za mraba 3.6 kwa kilo 11.8. Watu wanne wameubeba kwa shida.

Jumapili, 6 Julai. Bawaba, na mlango wa kwanza

Siku 14 za zege zimetimia. Sehemu hii ndiyo niliyoipangia mradi wote.

Uzito wa mlango unafanya mambo mawili kwenye nguzo. Unakandamiza chini, na hilo ni jepesi. Lakini pia unaivuta bawaba ya juu kutoka kwenye nguzo na kuisukuma ya chini kuingia ndani. Nguvu hiyo ya kuvuta unaipata ukizidisha uzito kwa umbali wa katikati ya mlango kutoka kwenye bawaba, halafu ukigawanya kwa umbali kati ya bawaba mbili. Kwa mlango wangu, kilo 95 kwa sentimita 93, gawanya kwa sentimita 150: karibu kilo 60. Bawaba zingekuwa sentimita 90 mbalimbali kama zamani, ingekuwa karibu kilo 100 kwa mlango uleule. Kwa hiyo nimeweka ya chini sentimita 25 kutoka chini ya fremu na ya juu sentimita 25 kutoka juu, basi. Kuongeza bawaba ya tatu katikati hakupunguzi mvuto huo kwa kiasi cha maana, na kunafanya iwe vigumu kuzipanga zote kwenye mstari mmoja.

Bawaba ya chini ndiyo inayobeba uzito wote. Ni pini ya milimita 25 iliyosimama kwenye kibao cha chuma kilichochomelewa kwenye nguzo, na kikombe kwenye mlango kinachoivaa, ndani yake kuna gololi ya chuma na grisi. Kati ya kibao na nguzo nimeweka pleti ya milimita 8 yenye upana wote wa nguzo, moto umepigwa kwenye kingo za pembeni. Ukichomelea bawaba katikati ya uso wa paipu, ukuta wa milimita 4 unabonyea na kurudi kila geti linapofunguliwa, mpaka siku moja unachanika kufuata mshono.

Bawaba ya juu haibebi uzito, kazi yake ni kuushika mlango usiondoke. Nimetumia bolti ya milimita 20 yenye jicho. Inapita nguzo upande hadi upande, ina nati mbele na nyuma, na jicho lake linaivaa pini iliyochomelewa kwenye fremu. Ndiyo maana niliacha milimita 60, jicho linahitaji nafasi. Pini hiyo inaelekea juu, jicho linakaa juu ya bega lake, hivyo mwizi hawezi kuunyanyua mlango kutoka kwenye pini ya chini. Mahali bolti inapopita nguzo nimetoboa pande zote mbili na kupitisha kipande cha bomba kilichochomelewa kwenye kuta zote. Bila bomba hilo, kukaza nati kunaibonyeza nguzo badala ya kuivuta bolti.

Faida ya bolti ni kwamba hatua ya uzi wake ni milimita 2.5. Nati ikizungushwa mara moja kamili, kona ya juu inavutwa milimita 2.5, na ncha ya mlango, kwa umbali wake, inapanda karibu milimita 3. Geti linaweza kurekebishwa kwa spana mbili, bila moto na bila kulishusha.

Kabla ya kuchomelea kibao cha chini, nimening'iniza timazi kutoka katikati ya jicho la juu, na ncha yake ikaonyesha katikati ya pini ya chini. Mstari huo ukiwa na kosa, mlango utajifungua au kujifunga wenyewe. Waya wa kuchomelea unaorudisha umeme nimeufunga kwenye kibao chenyewe, na kikombe na gololi vilikuwa bado mezani. Umeme ukipita kwenye gololi unaiachia makovu madogo, na grisi haiwezi kuyatibu.

Mlango ulipanda juu ya matofali na vibao, ukatulia sentimita 8 kutoka ardhini, kwa sababu uwanja unapanda kidogo kuelekea ndani na geti linafungukia huko. Nimekaza bolti mpaka ncha ikawa juu ya usawa kwa milimita 6. Tukatoa vibao taratibu. Ikashuka hadi milimita 3 juu ya usawa, ikasimama hapo. Nikaupeleka mlango nusu ya safari na kuuachia. Haukwenda mbele wala nyuma.

Jumatatu, 7 Julai. Mlango wa pili

Sabasaba, watu wako nyumbani, mikono imepatikana. Mlango wa pili umepanda kwa muda wa nusu ya ule wa jana. Kwenye mkanda wa zege tumetoboa tundu la komeo la chini na kulitia kipande cha bomba.

Mzee jirani alipita akashauri tuweke gurudumu kwenye ncha. "Mwanangu, litakusaidia uzito." Nilimshukuru, shikamoo yake nimeitoa, lakini sikuliweka. Gurudumu linafaa juu ya sakafu iliyonyooka. Kwenye njia ya kokoto na mteremko linapanda na kushuka, kila likipanda linaisukuma ncha juu, na fremu na bawaba zinapindwa kila siku mara mbili.

Rangi ya mwisho imepakwa kwa siku mbili zilizofuata, jioni.

Jumamosi, 9 Agosti. Kipimo cha kwanza

Milango yote miwili ilipokwisha kupanda niliiwekea alama ya kudumu: mkwaruzo wa msumeno kwenye kona ya chini ya ncha, na kimo chake kutoka kwenye uso wa mkanda wa zege. Baada ya siku 33, mlango wa kulia umeshuka milimita 2, wa kushoto 1. Timazi kwenye nguzo zote mbili haijahama kwa kiasi ninachoweza kukiona. Kwa hiyo hizo ni nyuso za bawaba zinazojikalisha. Sijagusa nati. Grisi imeongezwa.

Jumamosi, 20 Desemba. Baada ya vuli

Udongo umelowa mpaka chini na hiki ndicho kipindi nguzo ya zamani ilipokuwa ikilala. Timazi: nguzo ya kushoto haijahama. Ya kulia inasoma kama milimita 1 kuelekea uwazi katika kimo cha mita 2. Ncha ya mlango wa kulia imeshuka milimita 4 kwa jumla tangu siku ya kupachikwa, maana yake iko milimita 1 chini ya usawa.

Nimefungua kile kifuniko cha shiti nyuma ya nguzo, nikalegeza nati ya mbele, nikakaza ya nyuma mzunguko mmoja, nikaifunga tena ya mbele. Ncha imepanda, komeo limeingia tundu lake bila mtu kuinama. Nimepaka grisi kwenye nyuzi za bolti na kurudisha kifuniko. Kipimo kinachofuata ni baada ya masika.